'Ni' ya Nyumbani Haitoki Nyumbani

Umeenea siku hizi mtindo wa kuliandika neno *nyumbani* kwa vipande viwili: *nyumba ni*. Tunauona pia katika *shamba ni*, *soko ni*, *kazi ni*, *moyo ni*. Anayeandika hivyo kwa haraka, kidole kikiteleza juu ya kioo cha simu, sina ugomvi naye. Haraka ina lawama zake, na mwenyewe akisoma tena atarekebisha. Ugomvi wangu ni na wale walioufanya mtelezo huo kuwa itikadi. Hao wanadai kwamba "ni" ya mahali ni neno lililo huru, kwamba kuliambatisha na nomino ni mazoea ya kiuandishi tu, na kwamba mshairi ana haki ya kuliachanisha popote mizani au vina vinapombana.

Madai hayo si ya kupuuzwa, kwa kuwa yanaletwa na watu wanaoipenda lugha na wenye hoja mkononi. Wanasema, kwanza, kwamba "ni" tunaiandika peke yake tunaposema *nyumba ni yangu*, basi kwa nini tuibane tunaposema *nyumbani kwangu*? Wanasema, pili, kwamba ndugu zetu wa lugha jirani huliacha neno la mahali lisimame mbali na nomino. Wanasema, tatu, kwamba uambatishaji huu tuliletewa na waliotuletea herufi za Kirumi. Na mwisho wanaegemea uhuru wa mshairi. Nitazijibu zote, na nitaanza na kitu ambacho hata asiyejua kusoma anacho: sikio.

Tamka *nyumba*. Shadda imeangukia *nyu*. Sasa tamka *nyumbani*. Shadda imehama, imekalia *mba*. Kiswahili huweka shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na masikio yetu hutumia kanuni hiyo kujua neno limeishia wapi. Shadda ikihama, ni kwa sababu neno limerefuka. Linganisha na *nyumba ni yangu*: hapa *nyu* inabaki na shadda yake ile ile, kana kwamba "ni" haipo jirani, kwa sababu kwa hakika haimo ndani ya neno hilo. Hali ni hiyo hiyo kwa *shamba* na *shambani*, *moyo* na *moyoni*, *bahari* na *baharini*. Mtu anayeandika *nyumba ni* huku kinywani akisema *nyumbani* ameandika jambo moja na kutamka jingine.

Sikiliza pia pumzi. Katika *nyumba ni yangu*, ukitaka kutua kidogo utatua kabla ya "ni": *nyumba … ni yangu*. "Ni" hiyo inaegemea mbele, kwa kile kinachoelezwa. Katika *nyumbani kwangu* utatua baada yake: *nyumbani … kwangu*. Jaribu kutua pengine uone jinsi ulimi unavyokataa. Hii ni tofauti ya kudumu baina ya hizo "ni" mbili: ya kwanza ni kishirikishi, nayo hutazama mbele, ya pili ni kiambishi tamati, nayo hutazama nyuma, kwa nomino iliyoibeba. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hii, maana tutakapofika kwenye kituo cha mshororo ndiyo itakayoamua kesi.

Anayetaka kipimo cha haraka zaidi na akanushe. *Nyumba ni yangu* hukanushwa kuwa *nyumba si yangu*. "Ni" imeondoka, "si" imechukua nafasi yake. Sasa kanusha *niko nyumbani*. Utasema *siko nyumbani*, na "ni" ya mwisho haikuguswa. Hakuna Mswahili atakayesema *nyumbasi*. Kishirikishi kina kinyume chake. Kiambishi cha mahali hakina. Vilevile kati ya nomino na kishirikishi unaweza kupenyeza maneno utakavyo: *nyumba yangu mpya ya mawe ni kubwa*. Kati ya *nyumba* na *-ni* ya mahali huwezi kupenyeza hata silabi moja. Maneno mawili yasiyokubali kitu chochote kiingie kati yao, yanayogawana shadda moja na yasiyotenganishwa na pumzi, kwa kweli ni neno moja.

Hapo sikio limekwisha kutoa ushahidi wake. Ushahidi wa sarufi ni mzito zaidi, na ndio wenye hasara kubwa tukiupuuza.

Nomino *nyumba* ni ya ngeli ya I-ZI. Tunasema *nyumba yangu, nyumba hii, nyumba imeanguka*. Ukiitia *-ni*, upatanisho wote unabadilika. *Nyumbani yangu* haikubaliki tena katika Kiswahili sanifu. Inabidi iwe *nyumbani kwangu*, *nyumbani pangu* au *nyumbani mwangu*. Kiambishi hicho kidogo kimeitoa nomino katika ngeli yake na kuihamishia ngeli ya mahali. Kazi ya namna hiyo hufanywa na sehemu ya neno. Neno linalosimama nje haliwezi kuifanya, na tunalo la kulinganisha nalo: *katika*. Tunasema *katika nyumba yangu*, wala hatusemi *katika nyumba kwangu*. *Katika* inaleta maana ya mahali, lakini kwa kuwa ni neno lililo nje, haina mamlaka juu ya ngeli ya *nyumba*. Kama "ni" ya mahali ingekuwa neno huru mfano wa *katika*, tungelazimika kusema *nyumba ni yangu* kwa maana ya *ndani ya nyumba yangu*. Hatusemi hivyo, na hatujapata kusema hivyo.

Ukishakuwa katika ngeli ya mahali, mlango unafunguka kwenye mojawapo ya hazina za lugha hii. *-Ni* ni moja, lakini upatanisho wake ni wa namna tatu. *Nyumbani pangu pana mwembe*: hapa *pa* inaonyesha mahali dhahiri, panapojulikana, kana kwamba msemaji anapanyoshea kidole. *Nyumbani kwangu kuna amani*: *ku* inapataja mahali kwa jumla, au upande wa kuelekea, bila kuweka mpaka. *Nyumbani mwangu mna siafu*: *mu* inatuingiza ndani, tuone kilichomo. Nomino haikubadilika hata herufi moja katika mifano hiyo mitatu. Tofauti yote imebebwa na upatanisho, nao upatanisho umeshikwa na *-ni*. Ing'oe *-ni* kutoka kwa nomino, na *pa*, *ku* na *mu* zitabaki zikielea bila mwenyeji. Si ajabu kwamba wanaozoea kusema *kwa nyumba yangu* kwa kila hali ndio pia walioanza kupoteza tofauti ya *pana, kuna* na *mna*. Kiambishi kikidhoofika, ngeli nzima inadhoofika pamoja nacho.

Tazama methali mbili ambazo kila msomaji wa ukurasa huu anazijua. Ya kwanza: *Kikulacho ki nguoni mwako.* Humo kuna kishirikishi, nacho ni *ki*, kimesimama peke yake kama inavyomstahiki. Kuna pia *-ni* ya mahali, imeshikana na *nguo*, na baada yake *mwako*, inayotuambia kwamba adui yumo ndani, kajificha kwenye mikunjo. Sasa iandike kwa mtindo mpya: *Kikulacho ki nguo ni mwako.* Chawa ametoweka! Anayesoma atadhani kinachomla ni nguo, kisha atashangaa hiyo *mwako* inamzungumzia nani. Methali iliyosimama miaka mingi imevunjwa na nafasi moja tupu.

Ya pili ni ya mabaharia: *Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.* Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele yake, na ngama ni lile shimo la chini yanakokusanyika maji ya kufulizwa. Methali hii imezikusanya "ni" zote mbili, bega kwa bega, kana kwamba wazee walitutungia mtihani. "Ni" ya kwanza ni kishirikishi: marejeo *ni* mahali fulani. "Ni" ya pili imo ndani ya *ngamani* na ndiyo inayokifanya kitu kiitwacho ngama kuwa mahali pa kurejea. Anayeandika *marejeo ni ngama ni* amezifanya zote mbili kuwa pacha, ilhali moja ni daraja na nyingine ni sehemu ya nyumba.

Sasa nijibu hoja ya majirani. Ni kweli kwamba Mnyarwanda huandika *mu nzu* na Mganda huandika *mu nnyumba*, maneno mawili mbalimbali. Lakini wanaoitumia hoja hii huishia hapo. Hawaendelei kuuliza upatanisho unasemaje. Mnyarwanda akitaka kusema *nyumbani mwangu* husema *mu nzu yanjye*. Mganda husema *mu nnyumba yange*. Umeona? *Nzu* imebaki na *yanjye*, *nnyumba* imebaki na *yange*, yaani nomino haikutoka katika ngeli yake. *Mu* yao inafanya kazi kama *katika* yetu, inasimama nje na kuashiria. Basi wana haki kuiandika nje. Sisi nasi tuna haki ile ile tunapoandika *katika nyumba yangu*. Kufananisha *mu* yao na *-ni* yetu ni kufananisha bawabu na nguzo.

Kiswahili kiliachana na desturi ya kuziweka *pa, ku* na *mu* mbele ya nomino. Zimebaki katika upatanisho tu, na katika neno kama *pahali*. Nafasi iliyoachwa wazi mwanzoni mwa nomino ilijazwa mwishoni, kwa *-ni*. Na katika hili hatuko peke yetu. Mzulu naye humalizia kwa *-ini*: *indlu*, nyumba, huwa *endlini*, nyumbani, *insimu*, shamba, huwa *ensimini*, shambani. Yeye pia huandika neno moja, wala huwezi kuikata *endlini* ukabaki na *indlu* kamili mkononi, maana mwisho wake umekwisha kuyeyukia ndani ya kiambishi. Kama tunatafuta ndugu wa kutuamulia, huyo ndiye wa kuulizwa.

Hoja ya tatu, ya herufi za Kirumi, ina mvuto kwa kuwa inagusa kidonda cha ukoloni. Inasemwa kwamba Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, ndiyo iliyotulazimisha kuambatisha. Tarehe zenyewe zinaikana hoja hii. Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, miaka sitini kabla ya Kamati, alikwisha kuandika *nyumbani* kama neno moja. Naye hakubuni, aliandika alichokisikia kwa watu wa Unguja.

Atasema mtu: Steere naye alikuwa mgeni, tuwaulize wenyewe waliotuachia hati za Kiarabu. Na tuwaulize. Katika hati hizo hutokea kweli pengo dogo kati ya *nyumba* na *ni*, na mtu asiyezizoea huweza kulichukua pengo hilo kuwa ushahidi. Lakini pengo hilo ni la alifu. Alifu haiungani na herufi inayoifuata, iwe katikati ya neno au mwisho wake. Swali la maana ni hili: alifu hiyo imefika vipi hapo? Ilikuwa desturi iliyoenea kwa waandishi wa Kiswahili cha hati za Kiarabu kuirefusha kwa herufi ya madda ile silabi ya pili kutoka mwisho, yenye shadda. Katika *nyumba* iliyo peke yake, silabi hiyo ni *nyu*, nayo huchukua wau. Katika *nyumbani*, silabi hiyo ni *mba*, nayo huchukua alifu. Mwandishi aliyetia alifu kwenye *mba* ya *nyumbani* amekwisha kutuambia alihesabu silabi kutoka wapi: kutoka "ni". Kwake yeye "ni" ilikuwa mwisho wa neno. Pengo linalodhaniwa kutenganisha ndilo, kwa anayejua kulisoma, muhuri wa maungano.

Inabaki hoja ya washairi, na hapa nazungumza na wenzangu.

Inasemwa kwamba mizani hudai. Mizani haidai lolote katika suala hili. *Nyumbani* ina mizani tatu, *nyumba ni* ina mizani tatu. Nafasi tupu haihesabiwi. Anayetenganisha kwa kisingizio cha mizani hakuongeza wala kupunguza kitu.

Kinachomvuta mshairi, tuseme ukweli, ni kina. Katika shairi la mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, mtunzi aliyechagua kina cha *-mba* kwa ukwapi huona *shambani* ikimponyoka, kwa kuwa inaishia *-ni*. Basi huikata. Huiacha *shamba* kwenye ukwapi ipate kina, na kuisukuma "ni" ianzie utao. Nitautunga mfano mwenyewe ili nisimnyoshee mtu kidole:

*Jua likitoka shamba, ni mimi huelekea*

Mizani ni nane kwa nane. Kina cha *-mba* kimepatikana. Mtunzi alikusudia kusema kwamba jua likitoka, yeye huelekea shambani. Lakini msikilizaji amesikia nini? Kituo kimeanguka baada ya *shamba*, na tulikwisha kuona kwamba "ni" ikitanguliwa na pumzi hutazama mbele na kuwa kishirikishi. Basi msikilizaji amesikia kwamba jua linatoka katika shamba, kama vile limelala humo usiku kucha. Na kwamba mimi ndiye, wala si mwingine, ninayeelekea, ila pa kuelekea hapajulikani. Mahali pametoweka, na badala yake pamezuka majisifu ambayo mtunzi hakuyatia nia. Kama shairi linaghanwa, hata maandishi hayawezi kumwokoa, maana hadhira haioni karatasi. Kituo kimetia msumeno ndani ya neno.

Wengine hukimbilia kuboronga sarufi, wakisema ni ruhusa ya ushairi tangu jadi. Ruhusa ipo, lakini tuitazame inaruhusu nini. Kuboronga hubadili mpangilio wa maneno: badala ya *nyumbani kwangu* mshairi husema *kwangu nyumbani*, nasi tunamwelewa na tunaburudika. Inkisari hufupisha neno, mazida hulirefusha, tabdila hubadili sauti yake. Hata moja kati ya hizo haimpi mtu haki ya kuchukua kiungo cha neno na kukifanya neno jingine lenye maana nyingine. Tena angalia *kwangu nyumbani*: mpangilio umepinduliwa kichwa chini miguu juu, na bado *-ni* haikubanduka kwa *nyumba*. Ruhusa yenyewe inatoa ushahidi kwamba maungano haya hayaguswi.

Mshororo ule unaponyeka bila kuacha kina cha *-mba*. Tafuta neno jingine la kukaa kwenye ukwapi, kisha uihamishie *shambani* nzima kwenye utao:

*Jua likichoma mwamba, shambani huelekea*

Mizani ni zile zile, kina cha ukwapi ni kile kile, kina cha utao ni kile kile. Lililobadilika ni kwamba jua sasa lina kazi yake, mkulima ana pa kwenda, na *mimi* iliyokuwa imetiwa kujazia imeondoka bila kuliliwa. Ilihitajika dakika chache za kutafuta neno. Ndiyo kazi tuliyoiomba wenyewe tulipojiita washairi.

Nawaelewa wanaokimbia kina cha *-ni*, maana kimechakaa kwa kutumiwa na kila mvivu. Karibu nomino yoyote ya kitu huweza kutiwa *-ni*, basi mtu huweza kuijaza kurasa bila kufikiri. Dawa yake ni kudai kina kipana zaidi. Ukiiacha *-ni* mahali pake na kudai ifuatane na silabi iliyoitangulia, unapata kina cha *-mbani*, ambacho hakimfungulii mlango kila mtu. Kwa mfano:

*Kulipokucha mapema, niliondoka chumbani,*
*Jembe begani nahema, nikaingia shambani,*
*Nikalima nikalima, jembe lagota mwambani,*
*Sina la kutenda jema, narudi zangu nyumbani.*

Sidai kwamba ubeti huo ni johari. Nadai tu kwamba *chumbani, shambani, mwambani, nyumbani* zinalia kwa sauti moja kwa sababu "ni" zake zimeungana na *mba* zake. Zikate, na unabakiwa na *ni, ni, ni, ni*, mlio wa mbu sikioni.

Ninapoitetea *-ni* sisemi kwamba ipachikwe kila mahali. Nayo ina mipaka, na anayeijua mipaka hiyo ndiye atakayeitumia vizuri. Haishikani na majina ya watu: tunakwenda *kwa mama*, hatuendi *mamani*. Majina ya miji hayaihitaji: tuko Mombasa, tuko Tabora. Pengine kukosekana kwake kuna maana yake maalumu. Kwa watu wa Unguja, aliyekwenda *shamba* ameondoka mjini kwenda upande wa vijijini, hata kama hatagusa jembe. Aliyekwenda *shambani* yuko kwenye konde, kati ya mihogo. Mtunzi aliyebanwa kweli na kina cha *-mba* na anayekusudia maana hiyo ya kwanza ana *shamba* halali mkononi, haina haja ya kukatwa kutoka popote.

Yapo pia maneno yanayovaa *-ni* isiyo ya mahali, nayo huwapoteza wengi. *Maskani* imetoka Kiarabu pamoja na "n" yake. Upatanisho unaitambulisha: tunasema *maskani yangu*, hatusemi *maskani kwangu*. Yapo mengine ambayo *-ni* yake ilikuwa ya mahali lakini imeganda kabisa. *Kusini* na *kaskazini* ni kusi na kaskazi, pepo mbili za mabaharia, zilizotiwa *-ni* zikawa pande za dunia. *Pwani* imekuwa jina kamili, na tunasema *pwani hii* kama tusemavyo *nyumba hii*. Na ramani zetu zimejaa *-ni* zilizogeuka kuwa miji na mitaa: Shimoni, Mbuyuni, Darajani. Mtu anayetetea *nyumba ni* kwa nguvu zote namwomba aandike anwani ya rafiki yake anayekaa *Daraja ni*, aone barua itafika wapi.

Basi anayeshuka kalamu na kusita mbele ya "ni" ana vipimo vyepesi. Akanushe: ikigeuka "si", iandikwe peke yake, isipogeuka, ishikane. Asikilize shadda: ikihama, neno limerefuka. Atie kimilikishi baada yake: kikija *kwangu, pangu* au *mwangu*, hapo ni mahali, na "ni" haina ruhusa ya kutoka. *Bahari ni hatari* ni wasifu wa bahari. *Baharini hatari* ni onyo kwa anayeng'oa nanga. *Kazi ni usingizi* ni kauli ya mvivu anayeeleza kazi yake. *Kazini usingizi* ni shtaka la mwajiri. Kati ya kila jozi kuna nafasi moja tu, isiyo na wino wala sauti, na anayeitia pasipo pake ameandika sentensi ambayo hakuikusudia.